Ukuta wa Udongo Kuwa Zambarau Bila Kuharibu Sura ya Mtu

(Maandishi ya mada iliyotolewa Chiwata kwa vijana wanaoshughulikia picha na mabango katika matawi ya Masasi na Newala. Tumeacha lugha ya mzungumzaji ilivyokuwa.)

Karibuni mkae karibu na skrini, maana leo tutatazama zaidi kuliko kusikiliza.

Mada yangu ni moja tu. Mmepiga picha ya mwenzetu amesimama mbele ya ukuta, na bango linatakiwa liwe na zambarau ya chama. Mnataka ukuta ule ubadilike uwe zambarau, mtu abaki kama alivyo. Mitandaoni mtaona watu wanafanya kwa dakika mbili: anabonyeza ukuta, programu inachagua kila chenye rangi ile, anasogeza kitelezi, kwisha. Wewe ukijaribu na picha ya hapa kwetu, ukuta unakuwa zambarau na uso wa mgombea unakuwa zambarau pia. Picha imebuma. Wengi wanadhani programu ni mbovu au laptopu ni ya zamani. Sababu ni nyingine, na ukiielewa hiyo kazi yote inanyooka.

Ngozi yetu na udongo wetu ni rangi moja

Kompyuta inaweza kuieleza rangi kwa mambo matatu. La kwanza ni aina ya rangi: je, ni nyekundu, njano, kijani, bluu? Aina hizi zimepangwa kwenye duara la digrii 360. Nyekundu ipo 0, njano 60, kijani 120, bluu 240, kisha unarudi kwenye nyekundu. Kwenye programu hili linaitwa `Hue`. La pili ni ukolezi, yaani rangi imekolea au imefifia. La tatu ni mwangaza, ni nyeupe-nyeupe au imeingia giza.

Sasa tazameni picha hii. Nyuma kuna ukuta wa nyumba ya udongo, udongo huu mwekundu mnaoujua. Nimepima sehemu ya ukuta yenye mwanga wa kawaida, nikapata nyekundu 176, kijani 104, bluu 72. Kwenye duara hiyo ni digrii 18. Nikapima shavu la kijana aliyesimama mbele yake: 141, 88, 62. Kwenye duara ni digrii 20.

Kumi na nane na ishirini! Kwa jicho lako ukuta ni ukuta na shavu ni shavu, kwa sababu shavu lina giza zaidi na wewe unajua sura ya mtu. Ila kompyuta ukiiambia ichague kwa aina ya rangi peke yake, inaona vitu viwili vinavyokaa karibu mlango mmoja. Ukiipa nafasi ya kuchukua digrii kumi tu kila upande, shavu limeshaingia.

Mbaya zaidi ni nywele. Nywele nyeusi tunadhani hazina rangi. Nimepima nukta moja ya nywele: 22, 18, 17. Ni nyeusi kabisa, lakini kwa hesabu ya duara inatoka digrii 12. Penye giza, tofauti ndogo sana ya namba inatosha kuirusha aina ya rangi huku na kule. Ndiyo maana mtu akimaliza kazi unaona vidoti vya zambarau vimetapakaa kichwani kama mba.

Kwa hiyo jambo la kushika ni hili: kuchagua kwa aina ya rangi kunatenganisha vitu vilivyo mbali kwenye duara. Shati jeupe, kitenge cha kijani, bati, majani ya mkorosho, anga, vyote hivyo vitajitenga na ukuta wa udongo vizuri. Uso, shingo, mikono na nywele havitajitenga. Hapo lazima mkono wako ufanye kazi.

Anza na picha nzima, siyo iliyokamuliwa

Kabla ya kugusa rangi, omba picha ya asili. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, na kwenye kubanwa huko rangi ndiyo inayoumia kwanza. Faili la picha la kawaida hutunza mwangaza kwa kina, lakini rangi inaweza kutunzwa kwa mafungu, pikseli kadhaa zikitumia rangi moja. Jicho halioni. Ukija kuchagua kwa rangi ndipo unaona: mpaka kati ya sikio na ukuta una ngazi-ngazi kama matofali. Mwambie mpiga picha aitume kama `Document`, au aje na waya. Bando litaenda, lakini utaokoa saa nzima ya kusafisha kingo.

Hapa natumia GIMP kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya kawaida. Fungua picha, halafu nenda `Layer > Duplicate Layer`. Leya ya chini usiiguse tena mpaka mwisho.

Kwanza uzio, kisha rangi

Makosa mengi yanatokea kwa kuanza na rangi. Anza na uzio. Chukua `Free Select Tool` na uzungushe eneo la ukuta. Pale ukuta unapokutana na shati, bati au majani, pita ovyo tu, hata ukiingia ndani ya shati hakuna shida. Pale unapokutana na uso, shingo, mikono na nywele, punguza mwendo. Vuta picha iwe kubwa, na upite juu ya mpaka wenyewe nukta kwa nukta. Kwa picha hii sehemu ya kupita taratibu ni kichwa na mikono miwili tu. Siyo mwili mzima.

Uzio ukifunga, chukua `Select by Color Tool`. Kwenye mipangilio yake weka mambo mawili. `Select by` iwe `HSV Hue`. `Mode` iwe ile ya nne, `Intersect with the current selection`, maana yake chukua kilicho ndani ya uzio NA chenye rangi ya ukuta. Bila hiyo ya pili, uzio wako unafutika na unarudi kulekule.

`Threshold` ndiyo inaamua programu iende mbali kiasi gani kutoka rangi uliyobonyeza. Anza na 5. Bonyeza sehemu ya ukuta yenye mwanga wa wastani, siyo penye kivuli wala penye jua kali. Ukiona mashimo mengi, rudi nyuma kwa `Ctrl+Z`, weka 8, bonyeza tena. Endelea hivyo kidogo kidogo. Ukifika mahali shati linaanza kuchaguliwa kwenye kivuli chake, umepitiliza.

Dada mmoja hapa ameuliza, kwa nini shati jeupe lichaguliwe? Swali zuri. Shati jeupe likiwa karibu na ukuta mwekundu linapokea mwanga unaorudi kutoka ukutani. Ubavu wa shati unakuwa na wekundu hafifu, na aina ya rangi yake inafanana na ya ukuta ingawa haijakolea. Programu inayoangalia aina ya rangi tu haijali ukolezi, inachukua.

Sasa kagua. Bonyeza `Shift+Q`. Kila kisichochaguliwa kinafunikwa na wekundu. Lakini ngoja: ukuta wetu nao ni mwekundu, utaona nini? Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye kile kiboksi kidogo kona ya chini kushoto, chagua `Configure Color and Opacity`, weka kijani. Sasa unaona vizuri. Penye shimo ukutani paka brashi nyeupe, penye uso ulioingia paka nyeusi. Vidoti vya kwenye nywele vifute kwa brashi kubwa nyeusi, usihangaike na kimoja kimoja. Ukimaliza bonyeza `Shift+Q` tena.

Halafu `Select > Feather`, weka pikseli 1 au 2 ili ukingo usiwe kama umekatwa na wembe. Mwisho, `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua `Selection`. Sasa chaguo lako limekuwa kinyago kwenye leya. Ukigundua kesho kwamba sikio limekatwa, unapaka nyeupe au nyeusi kwenye kinyago, hurudii kazi. Ila kabla ya kugusa rangi, bonyeza kile kijipicha cha leya yenyewe, siyo cha kinyago, na ufute chaguo kwa `Select > None`.

Kupeleka ukuta kwenye zambarau yenyewe

Tuchukue zambarau ya mfano, `#5B2C86`. Nyie mtatumia namba iliyo kwenye mwongozo wa rangi wa chama, siyo ya kukisia kutoka kwenye fulana iliyofuliwa mara ishirini. Hii ya mfano ni nyekundu 91, kijani 44, bluu 134, na kwenye duara inakaa digrii 271.

Ukuta uko 18, tunataka 271. Kwenda mbele ni digrii 253, lakini kitelezi kinaishia 180. Kwa hiyo tunarudi nyuma: kutoka 18 kurudi mpaka 271 ni digrii 107. Fungua `Colors > Hue-Saturation`, kwenye `Hue` andika `-107`.

Ukuta umekuwa zambarau. Mtu wa haraka anaishia hapo, anaweka nembo, anatuma. Lakini weka bango kando ya bendera uone: ukuta umepauka, ni zambarau ya kitoto. Kwa nini? Kwa sababu tumebadilisha jambo moja kati ya yale matatu. Ile nukta ya ukuta ya 176, 104, 72 sasa imekuwa 126, 72, 176. Aina ya rangi ni sahihi kabisa, ila mwangaza ni wa udongo uliopigwa na jua.

Namba yake kubwa ni 176, ya kwetu ni 134. Tunatakiwa tushuke mpaka kama robo tatu ya mwanga. Fungua `Colors > Curves`, shika mstari katikati, uvute chini. Kwenye nukta yetu simama bluu ikifika kama 134. Linganisha na 91, 44, 134. Nyekundu na kijani zitakuwa zimeshuka zaidi, imebaki kupunguza ukolezi kidogo. Rudi `Hue-Saturation`, rudisha `Saturation` nyuma kidogo kidogo mpaka namba zikaribiane.

Mbona situmii `Lightness` iliyo palepale? Kwa sababu hiyo ukiishusha inaweka weusi juu ya kila kitu, nyufa na alama za vidole kwenye udongo zinafifia. `Curves` inashusha katikati na kuacha vivuli na sehemu za jua na tofauti yao. Ukuta unabaki ukuta.

Kupima, tumia `Color Picker Tool`, washa `Sample average` ili isome eneo badala ya pikseli moja. Na jambo moja msije mkagombana nalo: msitake ukuta wote usome `#5B2C86`. Ukuta halisi una jua huku na kivuli kule. Ukilazimisha namba moja kila mahali utapata karatasi ya zambarau, na mtu ataonekana kabandikwa. Sehemu ya mwanga wa wastani ikikaribia namba, inatosha. Namba kamili iwekwe kwenye mstari wa chini wa bango na kwenye nembo, jicho litaunganisha lenyewe.

Mahali picha inapokusaliti

Vuta picha mpaka asilimia 200, kagua masikio, chini ya kidevu, kati ya vidole na mstari wa nywele. Kuna dalili mbili. Ukiona zambarau imeingia kwenye ngozi, kinyago kimepitiliza. Ukiona uzi mwembamba wa rangi ya udongo unazunguka kichwa, kinyago hakijafika. Zote mbili zinatibika kwa brashi ndogo kwenye kinyago.

Dalili ya tatu ni ya ujanja zaidi. Ule wekundu uliorudi kwenye shati bado upo. Ukuta ni zambarau lakini ubavu wa shati unasema nyuma yangu kuna udongo. Watu hawatajua shida ni nini, watasema tu "hii picha imechezewa." Tengeneza nakala ya leya ya asili, ipe kinyago kinachoacha ubavu wa shati tu, kisha punguza `Saturation` mpaka wekundu uondoke. Usiupake zambarau. Kuuondoa kunatosha.

Kaka wa kule nyuma ameuliza kuhusu simu. Vitelezi vya rangi vya programu nyingi za simu vimegawa rangi kwenye makundi machache: nyekundu, machungwa, njano na kadhalika. Ukisogeza kundi la machungwa, ukuta unasogea na uso unasogea, kwa sababu ile ile ya 18 na 20. Tena mara nyingi kitelezi kinakupeleka kwa rangi ya jirani tu, kutoka machungwa kwenda nyekundu au njano. Zambarau hufiki. Simu itumie kupiga na kutuma.

Na ukuta wa saruji usiopakwa? Huo karibu hauna aina ya rangi. Kuzungusha duara hakutafanya chochote, kijivu kinabaki kijivu. Kwa huo unachora uzio wote kwa mkono, unaweka leya mpya uliyoijaza zambarau juu yake, na unabadilisha `Mode` ya leya hiyo kuwa `Multiply` ili vivuli vya saruji vionekane.

Njia rahisi kuliko zote ipo kwenye kupiga picha

Nimepima pia ukuta uliopakwa bluu: 88, 140, 176. Unasoma digrii 205. Ngozi ya yule kijana ni 20. Hao wamekaa pande mbili za duara, karibu wanatazamana. Mbele ya ukuta kama huo, au mbele ya turubai la bluu, uchaguzi wa rangi unakata uso na nywele karibu bila msaada wako. Na kutoka 205 kwenda 271 ni digrii 66 tu.

Kwa hiyo kama picha ni ya kupanga, tafuteni turubai la bluu. Mtu asimame hatua mbili au tatu mbele yake, mwanga usirudi kwenye mashavu na kivuli chake kisilale nyuma. Angalieni tu hajavaa jinzi au kanga ya bluu, maana hiyo nayo itageuka.

Ukuta wa nani?

Namalizia na hili, na msilichukulie poa. Yote niliyosema ni kwa picha ya bango, picha ambayo kila mtu anajua imetengenezwa. Picha ya habari haibadilishwi ukuta. Ukiandika "mkutano wetu wa leo," ukuta ubaki ulivyokuwa. Ukichukua ofisi iliyopakwa kijani na njano ukaigeuza zambarau halafu ukasema wamehamia kwetu, huo ni uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa anayechapisha taarifa za uongo au za kupotosha akijua ni hivyo, na adhabu yake ni faini ya mamilioni au kifungo cha miaka.

Na hata kwenye bango, ule ukuta wa udongo ni nyumba ya mtu. Kijijini nyumba inajulikana kwa mlango wake, kwa dirisha, kwa ufa wake. Mama wa watu alikubali msimame kwake mpige picha. Hakukubali nyumba yake ionekane imepakwa rangi ya chama, na kesho yake majirani waanze kumuuliza maswali ambayo hana majibu. Muulizeni kabla, mwonyesheni bango kabla halijatoka. Akikataa, tumieni turubai. Kama mlango au dirisha limeingia kwenye picha, likateni, bango halihitaji mlango.

Faili la asili lihifadhini kwa jina lake, mfano `chiwata-asili.jpg`, na la kazi `chiwata-bango.xcf`, yote mawili kwenye folda moja. Mtu akiuliza picha ilikuwaje, muonyesheni.

Sasa fungueni laptopu. Kila watu watatu wachukue picha ile ya ukuta wa udongo, wapime wenyewe ukuta, shavu na nywele, waandike digrii zake kwenye karatasi kabla ya kugusa chombo chochote. Napita mezani baada ya dakika kumi.